Tulilaumu Ubuyu

Jumamosi ile mdogo wangu alinipigia simu saa kumi na mbili jioni. Hakuwa na hofu, alikuwa na hasira. "Kaka, watoto wa jirani wamempa tena ule ubuyu mwekundu. Njoo uone choo chake." Kwake si mbali na kwangu, nikaenda na kandambili zangu hivyo hivyo.

Mpwa wangu alikuwa uani anavuta kwa kamba gari la kopo alilotengenezewa na kaka yake, amevaa fulana tu, chini hana kitu. Umri wake ulikuwa miaka miwili na miezi mitatu, uzito kilo 12. Aliponiona alinionyesha gari, akaendelea na safari yake kuzunguka mwembe. Poti lilikuwa limewekwa mlangoni likinisubiri. Ndani kulikuwa na choo kizito, rangi ya tofali la kuchoma lililolowa maji, pembeni kikielekea zambarau. Ubuyu wa Dodoma tunaujua, rangi yake haibanduki ulimini wala kwenye vidole, na mtoto akila mwingi hata chooni unaweza kuuona. Kwa hiyo niliinama, nikatazama, nikasema ndiyo, huenda ni ubuyu. Lakini harufu iliyonijia haikuwa ya ubuyu. Ilikuwa ile harufu nzito ya chuma ambayo mtu aliyewahi kufanya kazi wodi ya wazazi haisahau.

Mimi ni ofisa tabibu, nafanya kazi kituo cha afya kimoja katika wilaya ya Chamwino. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba kosa la kwanza katika habari hii si la mama wala la bibi. Ni langu.

Usiku ule alipata choo kingine cha namna hiyo, na Jumapili asubuhi kimoja kidogo chenye rangi nyeusi kidogo. Halafu ikakoma. Jumatatu mdogo wangu alimleta kituoni, na kwa kuwa damu ilishakoma nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya: nikaandika choo kipimwe. Majibu yakarudi na neno "amiba" na mbele yake "wachache". Nikampa flajili ya maji kwa siku tano. Sikumvua nguo nikatazama njia ya haja kubwa, sikumpima wingi wa damu, sikuuliza alilia au hakulia. Wiki ilipita bila damu, na mdogo wangu akawaambia watu pale mtaani kwamba kaka yake anajua dawa. Nami nikakaa kimya nikapokea sifa.

Mama yetu hakukubaliana na mimi wala na ubuyu. Yeye alisema ni chango, akamchemshia mtoto mizizi aliyopewa na shoga yake wa Mvumi, akamnywesha kijiko asubuhi na jioni. Damu haikurudi, kwa hiyo na mizizi nayo ilikuwa imeponya. Mdogo wangu aliwafukuza watoto wa jirani na ubuyu wao, damu haikurudi, kwa hiyo na yeye alikuwa sahihi. Hapa ndipo ugonjwa huu unapowadanganya watu, na nimekuja kulielewa jambo hili baadaye sana: damu ya aina hii hukoma yenyewe. Mtoto akipoteza damu ya kutosha, mishipa ya tumboni hujibana ili damu iliyobaki iende moyoni na kwenye ubongo, na pale palipokuwa panavuja damu huganda. Aliyekuwa amempa mtoto chochote siku hiyo ndiye hupata sifa. Kidonda bado kipo.

Damu ilirudi baada ya siku 16. Ilikuwa usiku wa Jumanne, saa tisa. Mdogo wangu hakupiga simu safari hii, alikuja mwenyewe kugonga dirisha. Mtoto alikuwa ameamka akiomba maji, akanywa kikombe kizima, akaomba tena. Alipombeba aligundua shuka limelowa. Nilipofika, kitandani kulikuwa na damu nzito ya rangi ya zabibu nyeusi, yenye mabonge yanayotikisika, na choo chenyewe kilikuwa kidogo tu ndani yake. Alipowekwa kwenye poti akatoa nyingine, kama nusu kikombe. Na hakulia. Nilimtomasa tumbo lote kuanzia juu hadi chini huku nikimtazama usoni, akawa ananitazama na yeye, amechoka, hata hakukunja uso. Tumbo lilikuwa laini kama la mtoto aliyelala.

Nilibonyeza kucha ya kidole gumba chake nikaiachia. Kwa kawaida wekundu hurudi kabla hujamaliza kusema "moja, mbili". Nilifika nne. Mapigo ya moyo yalikuwa 168 kwa dakika, na hakuwa na homa ya kuyaeleza.

Inafaa kupiga hesabu hapa, kwa sababu watu hutazama damu chooni na kusema "si nyingi sana". Mtoto wa umri ule ana damu kama mililita 80 kwa kila kilo. Kwa kilo 12 ni chini kidogo ya lita moja, yaani chupa tatu za soda, na hiyo ndiyo damu yake yote, ya moyoni, ya miguuni, ya kichwani. Akipoteza chupa moja amepoteza theluthi. Mwili wa mtoto hujikaza kwa kuongeza mapigo ya moyo, na shinikizo la damu hubaki sawa mpaka dakika za mwisho, kisha huporomoka ghafla. Anayesubiri shinikizo lishuke ndipo ashtuke atakuwa amechelewa.

Tulichukua Noah ya jirani. Nilimwekea kanyula nyumbani kwa mwanga wa simu, nikamtundikia dripu ya chumvi kwenye kishikio cha juu ya dirisha la gari. Tulishika lami ya Morogoro pale Chamwino alfajiri bado kiza, malori ya mizigo yakitupita upande wa pili, na mdogo wangu akawa anarudia neno moja, "lakini halii, kaka, mbona halii." Alikuwa anajifariji. Mimi lile neno ndilo lilianza kunitisha, ingawa sikuwa na jina la kulipa.

Hospitali tuliyofika mjini walimpima damu mara moja. Jibu: gramu 10.4 za hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu, katika kila desilita. Daktari kijana aliyekuwa zamu alifurahi kidogo, akasema hali si mbaya, tusubiri daktari bingwa asubuhi. Namba ile haikuwa ya uongo, ila ilikuwa ya mapema. Mtu anapovuja, hutoka damu nzima, chembe na maji yake kwa pamoja, kwa hiyo kile kilichobaki ndani bado ni kizito vilevile hata kama ni kidogo. Ni kama kumwaga nusu sufuria ya mchuzi: uliobaki una chumvi ileile. Mpaka mwili uvute maji kutoka kwenye tishu kuziba pengo, au dripu ifanye kazi hiyo, ndipo mchuzi huonekana mwepesi. Saa moja asubuhi walirudia kipimo. Gramu 5.8.

Aliongezewa damu, mililita 20 kwa kila kilo, yaani 240 kwa saa nne. Nilikaa pale nikiangalia midomo yake ikirudi rangi polepole, kutoka kijivu hadi waridi. Wakati chupa ikiishia aliuliza gari lake liko wapi.

Daktari bingwa wa upasuaji alikuja saa nne, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Hakuanza na faili, alianza na mdogo wangu.

"Mama, alipotoa damu alilia?"

"Hapana, daktari."

"Alikunja miguu, akawa analia, ananyamaza, analia tena?"

"Hapana. Aliomba maji tu."

"Kabla ya hapo alikuwa anaharisha? Kamasi? Homa?"

"Hapana."

"Choo kigumu? Anajikamua?"

"Hapana, anakula mlenda kila siku huyu."

Alicheka kidogo. Alimgeuza mtoto ubavu, akatenganisha makalio kwa vidole viwili, akatazama kwa tochi. Hapakuwa na mpasuko. Akavaa glavu, akapaka mafuta, akaingiza kidole cha mwisho taratibu. Hapakuwa na kinyama kinachoning'inia. Glavu ilitoka na damu ya zambarau. Kazi ile yote ilichukua dakika moja, na ndiyo dakika niliyomnyima mpwa wangu siku 16 kabla.

Halafu akanigeukia, akaniita nje. "Tabibu, wewe ndiye mjomba? Mliona nini mwanzo?"

Nikamweleza ubuyu, nikamweleza amiba. Hakunikaripia. Alisema mtoto mwenye amiba ya kumtoa damu kiasi kile angekuwa anakimbilia poti mara kumi kwa siku, anajikamua, anatoa kamasi iliyochanganyika na michirizi ya damu, na angelia. Neno "wachache" kwenye karatasi ya maabara, akasema, mara nyingi ni vifuko vya amiba vilivyolala ambavyo watu wengi wanavyo bila kuugua, au ni chembe nyeupe za damu zilizofananishwa na amiba. Anayeumiza ni yule mdudu anayetembea, na mtaalamu makini humwona akiwa amemeza chembe nyekundu. "Ulitibu karatasi," akasema. Sentensi hiyo bado ninayo.

Kisha akaendelea, akipanga mambo kwa rangi na kwa kilio, na tangu siku hiyo nami nayapanga hivyo. Damu nyekundu inayong'aa, michirizi juu ya choo kigumu, mtoto analia akijisaidia: huo ni mpasuko wa njia ya haja kubwa, na ndio wa kawaida kuliko yote. Damu nyekundu kidogo kidogo, mara kwa mara, haiumi, mtoto hapauki: fikiria kinyama kinachoota ndani ya utumbo mpana. Mtoto analia kwa vipindi, anakunja miguu, anatapika, kisha anatoa kitu kama jeli nyekundu: utumbo umejiingiza ndani ya utumbo, na hapo saa zinahesabiwa. Choo cheusi kama lami, kinachonata: damu imetoka juu, tumboni, ikapikwa njiani. "Na damu nyingi, ya zambarau au nyekundu iliyoiva, mtoto anapauka lakini anacheza, tumbo laini, umri chini ya miaka mitano," akasema, "huyo mpaka nithibitishe vingine, ana kifuko cha Meckel."

Jina nilishawahi kulisikia chuoni, kwenye ukurasa mmoja uliopita haraka. Meckel alikuwa Mjerumani, Johann Friedrich Meckel wa Halle, aliyeeleza mwaka 1809 kifuko hiki kinatoka wapi. Mimba inapokuwa changa, kabla kondo la nyuma halijashika kazi, kiumbe huunganishwa na kifuko cha kiini kwa mfereji mwembamba unaotoka kwenye utumbo wake na kupita kitovuni. Mnamo wiki ya saba mfereji huo hutakiwa ufe na kupotea. Kwa watu kama wawili katika kila mia haupotei wote. Upande wa utumbo hubaki kishina, kifuko chenye urefu wa sentimita chache kinachochomoza kwenye utumbo mwembamba, si mbali na pale unapoungana na utumbo mpana. Wengi wao huzeeka na kuzikwa nacho bila kujua. Huenda wewe unayesoma unacho.

Tatizo huja pale ndani ya kifuko hicho kunapoota ngozi isiyo ya pale: ngozi ya tumbo, ile ile inayotengeneza asidi ya kusagia chakula. Tumbo lina ute wa kujikinga na asidi yake lenyewe. Utumbo mwembamba wa chini hauna kinga hiyo. Asidi hutiririka kutoka kwenye kifuko, hukutana na ngozi laini ya utumbo iliyo jirani, na kuitoboa kidonda. Kidonda kikifika kwenye mshipa, mtoto anavuja. Ni kidonda cha tumbo, kama cha mtu mzima anayelalamika kiungulia, ila kiko mahali ambapo hakuna anayetarajia, ndani ya mtoto ambaye hajui hata kusema "tumbo".

Nilimuuliza kwa nini haiumi. Akajibu kwamba utumbo hauhisi kukatwa wala kuchomwa kama ngozi ya nje inavyohisi. Huuma unapovutwa, unapojaa, unapojinyonga. Damu inayovuja na kuteremka haivuti kitu. Akaongeza kwamba nisije nikalishika hilo vibaya: kifuko hicho hicho kinaweza kuvimba na kuuma kama kidole tumbo, au kikafunga utumbo, na hapo mtoto atalia sana. Kutouma ni alama ya kile kinachovuja, siyo ya kifuko chenyewe.

Mchana ule alifanyiwa ultrasaundi. Majibu: hakuna utumbo uliojiingiza, ini sawa, wengu sawa, hakuna kilichoonekana. Mdogo wangu akashika karatasi ile kwa mikono miwili kama cheti. "Kaka, hana kitu." Nikawa na kazi ya kumweleza kitu ambacho na mimi nilikuwa nimeelezwa saa moja iliyopita. Kifuko chembamba kilicho katikati ya matumbo yaliyojaa hewa hakionekani kirahisi kwa ultrasaundi, hasa kama hakijavimba. Kipimo kile kilisaidia kuondoa jambo jingine. Hakikusema lolote kuhusu lile tulilokuwa tunalitafuta.

Kipimo kinachokitafuta kifuko chenyewe kipo, na ni cha akili kweli. Mgonjwa huchomwa mshipani dawa yenye mionzi kidogo, teknesiamu, ambayo ngozi ya tumbo huivuta na kuikusanya popote ilipo. Kisha hulazwa chini ya kamera ya gama, inayopiga picha za mionzi ile dakika baada ya dakika kwa nusu saa hadi saa nzima. Tumbo huanza kung'aa juu kushoto, kibofu hung'aa chini kadiri mkojo unavyoshuka. Kama kuna ngozi ya tumbo mahali pengine, nukta ya tatu hutokea, mara nyingi upande wa kulia chini ya kitovu, na dalili yake kuu ni kwamba hung'aa pamoja na tumbo, kwa mwendo mmoja, na haisogei. Mionzi hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya saa sita, kwa hiyo haikai mwilini.

Kamera kama hiyo ipo Dar es Salaam, kwenye kitengo cha tiba ya nyuklia cha Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mdogo wangu alishaanza kuulizia nauli ya treni. Daktari akamzuia. Alisema mtoto amevuja mara mbili ndani ya wiki tatu, na mara ya pili alibaki na gramu 5.8. Akivuja mara ya tatu kwenye behewa kati ya Kilosa na Morogoro, nani atamwongezea damu? Halafu akasema jambo ambalo lilinikaa zaidi: "Picha ikionyesha nukta, nitamfanyia upasuaji. Picha isipoonyesha, kwa historia hii bado nitamfanyia. Sasa picha ni ya nini?" Kipimo kile, kwa watoto, hukamata wengi lakini hukosa baadhi, kama mmoja katika kila sita au saba hivi. Ngozi ya tumbo ikiwa kidogo mno, au damu ikiwa inatiririka kwa kasi na kuisafisha dawa, nukta haitokei.

Walimfungua siku ya tatu, baada ya damu kufika gramu 10 na zaidi. Hawakuniruhusu ndani, ila daktari alinieleza baadaye kwa mikono, akinionyesha hewani. Alifanya mpasuo mdogo karibu na kitovu upande wa kulia. Akatafuta kidole tumbo kwanza, kwa sababu hicho ndicho alama ya barabara: pale ndipo utumbo mwembamba unapoishia. Akaanza kurudi nyuma, akiupitisha utumbo kati ya vidole, kipande kwa kipande. Mwanzoni utumbo ulikuwa na rangi ya bluu nyeusi, kwa sababu ya damu ya zamani iliyolala ndani. Sentimita kama 40 kutoka mwanzo akakikuta: kifuko cha urefu wa kidole cha mtoto, kimesimama upande ule usio na mishipa inayoleta damu. Na juu yake, utumbo ulikuwa mweupe, safi. Chini yake mweusi, juu yake mweupe. "Mpaka kama wa barabara ya vumbi na lami," akasema.

Hakukata kifuko peke yake. Alikata na kipande cha utumbo kilichokibeba, sentimita chache kila upande, akaunganisha ncha mbili. Sababu yake ni ile ya asidi: kidonda mara nyingi hakiko ndani ya kifuko, kiko kwenye utumbo jirani, mlangoni pake au ng'ambo. Anayekata kifuko tu na kufunga anaweza kuacha kidonda kinachovuja pale pale. Alipokipasua kile kipande mezani, kidonda kilikuwa pale alipotarajia, shimo dogo lenye kingo ngumu, ukubwa wa punje ya mahindi, na ndani yake mshipa uliozibwa na damu iliyoganda.

Kipande kilienda maabara kwenye chupa ya formalini. Baada ya wiki mbili na siku kadhaa karatasi ilirudi: ngozi ya tumbo imeonekana ndani ya kifuko, kidonda kwenye utumbo ulio jirani, hakuna saratani. Huo ndio uthibitisho wenyewe, na ulikuja wakati mtoto ameshatolewa nyuzi na anavuta gari lake.

Mwaka uliofuata nilimpata msichana wa miaka minne kutoka upande wa Kongwa. Damu ya zambarau, mara moja, haiumi, gramu 9 na haishuki. Safari hii nilivua, nilitazama, niliuliza kuhusu kilio, na barua ya rufaa niliyomwandikia ilikuwa na jina la Meckel kwenye mstari wa kwanza. Yeye hakuwa anavuja, kwa hiyo madaktari walimpeleka Dar kwa picha. Picha ya kwanza ilirudi safi. Mama yake akanipigia akilia kwamba wamehangaika bure. Nilimuuliza kama mtoto alikojoa kabla ya kulazwa chini ya kamera. Hakukumbuka. Aliporudi kwa wataalamu wakamwambia kibofu kilikuwa kimejaa dawa, kikang'aa kama taa na kufunika eneo lote la chini ambako kifuko hupenda kukaa. Walirudia baada ya siku chache. Alifunga kula kwa muda wa saa nne, alipewa kabla dawa ya kupunguza asidi, ambayo kazi yake hapa ni kuifanya ngozi ya tumbo iishike teknesiamu isiiachie haraka, na alikojoa mara mbili, kabla na katikati. Nukta ikatokea dakika ya kumi na kitu, kulia, pamoja na tumbo. Wakapiga na ya ubavuni kuhakikisha iko mbele na si mkojo uliotuama kwenye mrija wa figo, ambao nao hung'aa na umewahi kuwapeleka watu kisuni bure. Jambo jingine nililojifunza kwake: kama kuna mpango wa picha hiyo, mtoto asinyweshwe kwanza ile dawa nyeupe ya bariamu kwa ajili ya eksrei. Eksrei yenyewe hukiona kifuko kwa nadra, na bariamu hubaki tumboni siku kadhaa ikizuia mionzi isifike kwenye kamera.

Mpwa wangu sasa ana miaka mitano. Mwezi wa tatu, katikati ya msimu wa zabibu, simu ililia tena saa kumi na mbili jioni. "Kaka, njoo. Nyekundu." Nilikwenda nikikimbia, na safari hii nilivaa viatu. Choo kilikuwa kigumu, kahawia, na juu yake kuna wekundu wa waridi unaotoka kwenye maji, siyo kwenye choo chenyewe. Niliinama nikanusa. Hakukuwa na chuma. Nilimwaga kikombe cha maji: rangi ikaenea yote sawasawa kama ya juisi, hakuna bonge, hakuna kamba, na mbegu tatu za ubuyu zikabaki chini. Ulimi wa mtoto ulikuwa mwekundu mpaka kooni.

Hata hivyo nilimbeba hadi kituoni usiku ule, nikamtoboa kidole. Gramu 12.1. Mdogo wangu alikuwa mlangoni ananisubiri niseme, na mtoto mkono mfukoni.